Herufi moja imebadilishwa: mwongozo wa kukagua mtumaji na kiungo kwenye simu kabla ya kukigusa

Soma majina haya mawili kwa kasi ile ile unayosomea meseji ukiwa umesimama kwenye daladala:

```
safaricom.co.ke
safaricorn.co.ke
```

La pili halina m. Mahali pa m pana r na n zilizobanana, na kwenye kioo cha simu mwanya ulio kati yake karibu hauonekani. Jicho linaona m kwa sababu lilitarajia m. Mitambo ya mtandao haina matarajio hayo. Kwake hayo ni majina mawili yasiyo na undugu wowote, kama nyumba namba 14 na nyumba namba 41. Anayelisajili la pili ndiye mmiliki wake: anaweza kulitumia kutuma baruapepe, kuliwekea tovuti yenye rangi na nembo za kampuni nyingine, na kuipatia tovuti hiyo alama ya kufuli bila kulipa chochote. Kusajili jina linaloishia na .com hugharimu takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka.

Jina la pili hapo juu limeandikwa kwa ajili ya mfano tu, usilifungue. Kuanzia hapa tutatumia zaidi example.com, jina lililotengwa rasmi kwa ajili ya mifano. Linafaa kwa kazi hii kwa sababu lina m na l, herufi mbili ambazo matapeli wanazipenda sana. Jina la aina hii huitwa kikoa, au domeini kama wengi wanavyosema, na ndilo kitu pekee ndani ya kiungo au anwani ya mtumaji kinachokuambia unashughulika na nani.

Herufi zinazobadilishwa, na kwa nini zinapita

Haya ni majina manne ya uongo ya example.com. Kila moja linatumia ujanja wake:

```
exarnple.com
examp1e.com
exampIe.com
exmaple.com
```

La kwanza ni r na n badala ya m. Ni hatari kuliko mengine yanayotumia herufi zetu za kawaida, kwa sababu linadanganya popote linapoonekana: kwenye baruapepe, kwenye meseji, na hata juu ya kivinjari baada ya ukurasa kufunguka. Jamaa zake ni v mbili badala ya w, na c na l zilizosogezwa ili zionekane d.

La pili lina tarakimu 1 mahali pa l. Sifuri mahali pa o ni ujanja wa aina hiyo hiyo. Ukitulia utaiona, lakini kwenye maandishi madogo ya kijivu chini ya jina la mtumaji wengi hawatulii.

La tatu linahitaji maelezo. Ile inayofanana na l ni I kubwa. Mfumo wa majina ya mtandao hautofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo tapeli amesajili exampie.com, kisha kwenye ujumbe akaliandika kwa I kubwa. Maandishi ya simu nyingi huchora l ndogo na I kubwa kwa mstari mmoja wa wima, tofauti ikiwa ndogo mno. Ujanja huu ni wa zamani: mwaka 2000 ulitumika dhidi ya wateja wa PayPal. Udhaifu wake ni kwamba unaishi kwenye maandishi tu. Kivinjari hubadilisha kikoa chote kuwa herufi ndogo, na hapo i yenye nukta yake hujitokeza. Ndiyo maana jina ulilolisoma kwenye ujumbe linaweza kutofautiana na unalolikuta juu ya kivinjari, na ukiona tofauti hiyo funga ukurasa hapo hapo.

La nne limepindua mpangilio: m na a zimebadilishana nafasi. Hapa hakuna herufi inayofanana na nyingine. Msomaji mzoefu hasomi herufi moja moja, anashika umbo la neno zima, na umbo halijabadilika sana. Kuongeza herufi moja kunafanya kazi vile vile. Desemba 2019 kampuni ya usalama ya Check Point ilieleza jinsi dola milioni 1 za mtaji, zilizokuwa zikitoka kwa wawekezaji wa China kwenda kwa kampuni changa ya Israeli, zilivyoishia kwa mwizi. Mwizi alikuwa amesajili vikoa viwili, kimoja kinachofanana na cha Wachina na kingine kinachofanana na cha Waisraeli, kila kimoja kikiwa na s moja ya ziada mwishoni. Akakaa katikati. Kila upande ulimwandikia yeye ukidhani unauandikia wa pili, naye akawa anahariri ujumbe na kuupitisha. Alituma barua 18 upande wa China na 14 upande wa Israeli. Barua zote 32 zilipita mbele ya watu wanaojua kusoma vizuri kabisa.

Kuna aina ya tano ambayo hakuna jicho linaloweza kuigundua. Alfabeti ya Kisirili, inayotumika kuandika Kirusi, ina herufi zinazochorwa sawasawa na a, e, o, p na c zetu, ingawa kwa kompyuta ni herufi nyingine. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili jina lililoandikwa lote kwa Kisirili, na Chrome na Firefox zikalionyesha kama apple.com bila tofauti inayoonekana. Jina lake halisi ndani ya mfumo lilikuwa hili:

```
xn--80ak6aa92e.com
```

Chrome ililifungia mlango huo mwaka huo huo, kuanzia toleo la 58, na kwa kawaida vivinjari vya leo vikishuku mchanganyiko wa namna hiyo huonyesha jina likianza na `xn--`. Kwa hiyo ukiona `xn--` kwenye kiungo kinachodai kutoka benki yako, au kampuni yoyote inayoandika jina lake kwa herufi za kawaida, usikifungue. Lakini kinga hiyo iko kwenye kivinjari. Programu ya meseji au ya baruapepe si lazima iwe nayo.

Jina husomwa kutoka kulia

Kabla ya kuhangaika na herufi, jua kwanza ni kipande kipi cha kiungo unachopaswa kukikagua. Tuchukulie kwamba example.com ndiyo ya tapeli, halafu tazama viungo hivi viwili:

```
https://kra.go.ke.example.com/malipo
https://www.kra.go.ke@example.com/malipo
```

Vyote viwili vinakupeleka example.com. Mamlaka ya Mapato ya Kenya haihusiki na hata kimoja, ingawa jina lake limeandikwa bila kosa hata moja la herufi.

Fanya hivi. Ondoa `https://`. Anzia hapo kusonga kulia mpaka ufike kwenye `/` ya kwanza, au `?`, au `#`, kisha tupa hiyo alama na kila kinachofuata. Kilichobaki kikiwa na `@`, tupa kila kilichotangulia `@`, kwa sababu sehemu hiyo kivinjari hakiitumii kuchagua mahali pa kwenda. Sasa simama mwisho kabisa upande wa kulia na urudi kushoto. Jina likiishia na mwisho wa neno moja kama .com au .org, chukua neno moja lililotangulia. Likiishia na mwisho wa maneno mawili kama .co.tz, .go.tz, .or.tz, .ac.tz, .co.ke, .go.ke au .co.ug, chukua neno moja lililotangulia jozi hiyo. Hicho ndicho kikoa. Maneno yaliyo kushoto zaidi mwenye kikoa anajipangia mwenyewe, naye anaweza kuandika jina la benki yoyote aipendayo.

Nukta na kistari ndivyo vinavyochanganya watu zaidi katika hatua hii. `malipo.example.com` ni mali ya mwenye example.com. `malipo-example.com` ni kikoa kingine kabisa ambacho yeyote anaweza kukisajili. Nukta inagawa jina, kistari ni sehemu ya jina.

Uangalie na mwisho wenyewe. Kuna .co ya Kolombia na .cm ya Kameruni, na zote zinasomeka kama .com iliyokatika. Kuna .om pia, ambayo kwa msomaji aliyeko Maskati ni mwisho wa kawaida wa tovuti za Omani, lakini kampuni ya Marekani uliyoizoea kwa .com ikija na .om, jiulize kwanza. Kwa upande wetu, .go.tz na .go.ke hupewa taasisi za serikali tu, wakati .co.tz na .co.ke mtu yeyote anaweza kuzinunua. Ujumbe unaojiita wa serikali ukiwa na .co.tz au .com tayari umekupa sababu ya kusimama.

Mtumaji: usiishie kwenye jina lililokolezwa

Programu za baruapepe kwenye simu huonyesha jina la mtumaji na kuficha anwani yake ili kubana nafasi. Jina hilo mtumaji anajiandikia mwenyewe. Anaweza kuandika "Idara ya Malipo", au jina la bosi wako, au hata anwani nzima ya kweli ikae mahali pa jina.

Kwenye Gmail, fungua ujumbe kisha gusa kishale kidogo kilicho pembeni ya maneno `to me`, chini ya jina la mtumaji. Kwenye programu ya Mail ya iPhone, gusa jina la mtumaji, na likigeuka rangi liguse tena. Utaona anwani kamili, na sehemu ya kukagua ni ile iliyo kulia kwa `@`. Neno lililo kushoto kwa `@` halithibitishi lolote.

Kwenye Gmail, hapo hapo tafuta mstari wa `Reply-To`. Mara nyingi haupo. Ukiwepo, una maana kwamba jibu lako halitakwenda kwa aliyeandikwa kwenye `From`, litakwenda kwenye anwani hiyo nyingine. Kampuni nyingi halali huutumia, lakini ikiwa `From` inasoma example.com na `Reply-To` inasoma exarnple.com, umeshapata jibu lako. Kama programu yako haionyeshi mstari huo, gusa kitufe cha kujibu bila kuandika neno, soma anwani iliyojazwa juu, kisha futa rasimu.

Kwa meseji za simu mambo ni mabaya zaidi. Jina la kampuni linalotokea mahali pa namba linaweza kughushiwa, na simu huupanga ujumbe wa uongo kwenye mlolongo ule ule wa meseji za kweli za benki yako. Usilichukulie jina hilo kuwa ushahidi. Kagua kiungo.

Kiungo: shikilia, usiguse

Weka kidole juu ya kiungo na ukiache hapo bila kukiinua, takriban sekunde moja, mpaka menyu itokee. Kinachoharibika mara nyingi ni kidole kuinuliwa mapema, simu ikahesabu kwamba umegusa na ukurasa ukafunguka. Kama huna uhakika na mkono wako, zima data na Wi-Fi kwanza. Ukurasa hautafunguka hata ukikosea.

Kwenye Chrome ya Android, menyu inayotokea ina anwani juu yake, na chini yake chaguo la kunakili, `Copy link address`. Gmail ya Android nayo hutoa menyu yenye anwani ukishikilia kiungo. Usiridhike na anwani unayoiona kwenye menyu, kwa maana ikiwa ndefu hukatwa, na matapeli hurefusha anwani makusudi ili sehemu yenye kikoa isionekane. Nakili.

Kwenye iPhone kuna tahadhari ya pekee. Ukishikilia kiungo kwenye Safari, simu inaweza kuonyesha kidirisha cha ukurasa wenyewe, yaani imeshakwenda kuuchukua. Seva ya tapeli imeshapata taarifa kwamba kuna mtu upande huu, na kama kiungo kilitengenezwa kwa ajili yako peke yako, imeshajua ni wewe. Gusa `Hide Preview` juu ya kidirisha mara moja, na kuanzia hapo utakuwa unaona anwani tu. Lifanye leo kwenye kiungo usichokiogopa, ili siku ya kiungo cha mashaka liwe limeshafanyika. Kisha chagua `Copy Link`.

Kwenye WhatsApp kiungo huandikwa wazi ndani ya ujumbe, kwa hiyo kisome hapo. Usisome kile kisanduku chenye picha na kichwa cha habari kinachotokea juu yake, kwa kuwa hicho hutengenezwa kwenye simu ya aliyetuma. WhatsApp ikiandika `Suspicious link` kwa rangi nyekundu, imegundua herufi zisizo za kawaida, mara nyingi zile za alfabeti nyingine. Kutoandika hivyo hakuthibitishi usalama: r na n ni herufi za kawaida kabisa.

Kwa QR, kamera ya simu huonyesha kikoa kabla ya kufungua. Kama kibandiko cha QR kimebandikwa juu ya kingine, usikitumie.

Viungo vilivyofupishwa huficha kikoa chote. Cha bit.ly kina njia yake: kinakili, ongeza alama ya `+` mwishoni, kisha kifungue hivyo, na bit.ly itakuonyesha ukurasa wake wenye anwani kamili badala ya kukupeleka huko. Na ukikuta kiungo cha kazini kinaanza na jina refu linaloishia na `safelinks.protection.outlook.com`, hicho ni kichujio cha Microsoft. Anwani halisi iko ndani, baada ya `url=`, huku `%3A` ikiwa ni nukta mbili na `%2F` ikiwa ni mkwaju. Kagua hiyo ya ndani.

Kipimo cha mistari miwili

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko macho, na hakihitaji programu ya pekee. Inatosha programu ya maandishi yenye uwezo wa kutafuta neno ndani ya ukurasa: Notes ya iPhone kwa `Find in Note`, Samsung Notes, au Google Docs kwa `Find and replace`.

1. Bandika kiungo au anwani uliyoinakili. Futa `https://` ili kisiwe kitu cha kuguswa kwa bahati mbaya, kisha punguza kama tulivyoeleza mpaka kibaki kikoa peke yake.
2. Mstari wa chini yake, andika kikoa cha kweli kwa kidole chako, herufi kwa herufi. Kisitoke kwenye ujumbe huo huo. Kitoe kwenye mkataba, risiti ya zamani, nyuma ya kadi ya benki, au kwenye programu rasmi uliyokwisha kuwa nayo.
3. Fungua sehemu ya kutafuta na uandike tena kikoa cha kweli.
4. Hesabu matokeo. Yakiwa 2, na kwenye mstari uliobandika hakuna herufi wala kistari kilichobaki kabla au baada ya jina lililopatikana, mistari inafanana. Likiwa 1, simu imeupata ule ulioandika wewe tu, na ule uliobandika una herufi nyingine ndani yake.

Mstari wa pili upo ili ujue kwamba kutafuta kwenyewe kunafanya kazi. Ukipata 0, ulikosea kuandika, au simu "ilikusahihishia" neno. Rudia.

Kipimo hiki kinashika r na n, 1 na l, I kubwa, herufi zilizopinduliwa na hata Kisirili, kwa sababu simu inalinganisha namba za herufi, wala haijali maumbo yake. Kina udhaifu mara mbili. Baadhi ya programu hupuuza alama zilizo juu ya herufi, hivyo é inaweza kuhesabiwa kuwa e. Alama hiyo unaweza kuiona kwa macho ukikuza maandishi. Na ukiruka hatua ya kupunguza, `kra.go.ke.example.com` itakupa matokeo 2, maana jina la kweli limo ndani yake. Punguza kwanza, ndipo utafute.

Kama huna programu ya namna hiyo, kuna njia ya mkato: weka kishale mwisho wa kikoa ulichobandika na ufute herufi moja moja, ukitamka kila inayoondoka. Pale ulipotegemea m iondoke kwa mguso mmoja, utaona inaondoka nusu. Kwa r na n hiyo inatosha. Kwa Kisirili haitoshi.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua duka la vipuri la Kariakoo linaloagiza mzigo kutoka kwa muuzaji wa nje ambaye kikoa chake ni example.com. Wamekuwa wakiandikiana wiki tatu. Siku ya kulipa malipo ya awali inaingia barua kwenye simu ya mwenye duka. Juu imeandikwa jina lile lile la ofisa wa mauzo. Kichwa cha barua kinaanza na `Re:` kama zilizotangulia, na chini yake zipo barua za wiki tatu zote, neno kwa neno. Inasema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali tumieni hii mpya, proforma iliyorekebishwa iko kwenye kiungo.

Barua za zamani zilizonukuliwa chini ndizo zinazowaangusha wengi. Zinaonekana kama uthibitisho, kumbe zina maana kwamba sanduku la barua la upande mmoja limeshaingiliwa na mwizi ameyasoma mazungumzo yote. Anajua kiasi, anajua tarehe, anajua hata namna wanavyosalimiana.

Mwenye duka anagusa kishale. `From` inaonekana sawa. Anaisoma mara ya pili na bado iko sawa. Anainakili, anaibandika kwenye Google Docs, anabakiza sehemu ya baada ya `@`. Chini yake anaandika example.com, akiitoa kwenye proforma ya kwanza aliyoichapisha kabla ya habari ya akaunti mpya kuanza. Anatafuta. Tokeo 1. Anakuza maandishi mpaka herufi zijae kioo, na katikati ya neno anaona r, kisha n.

Anashikilia kiungo cha proforma na kukinakili. Nacho ni exarnple.com. Bado anataka kujua zaidi, kwa hiyo anafungua lookup.icann.org na kuandika kikoa hicho. Ukurasa huo huonyesha siku ambayo jina la .com lilisajiliwa. Muuzaji aliyefanya biashara kwa miaka hawezi kuwa na kikoa cha siku nne zilizopita. Tahadhari: kikoa kikongwe hakithibitishi uaminifu, kwa kuwa matapeli hununua pia majina yaliyotumika zamani. Tarehe changa ni ushahidi dhidi yake, tarehe kongwe si ushahidi wa lolote.

Hajibu ile barua. Anampigia muuzaji kwa namba iliyo kwenye proforma ya kwanza, si ile iliyo chini ya barua mpya. Kisha anabadilisha nywila ya baruapepe yake, anawasha uthibitisho wa hatua mbili, na anakagua kwenye mipangilio kama kuna sheria ya kupeleka nakala za barua kwa anwani asiyoijua, kwa sababu bado haijajulikana ni sanduku la upande gani lililoingiliwa.

Vitu visivyothibitisha

Kufuli juu ya kivinjari lina maana kwamba hakuna anayesoma njiani kati yako na tovuti. Halisemi tovuti ni ya nani. Exarnple.com itapata kufuli lake ndani ya dakika chache, bure.

Baruapepe kutotupwa kwenye taka nako hakuthibitishi. Vipimo vya SPF, DKIM na DMARC huuliza kama barua imetumwa na anayeruhusiwa kukitumia kikoa kilichoandikwa. Mwizi ameruhusiwa, kikoa ni chake. Vipimo hivyo humzuia anayeghushi example.com yenyewe, na ndiyo sababu mwizi alikwenda kununua jina la kufanana.

Kilicho bora kuliko hivyo vyote ni programu ya kutunza nywila iliyomo kwenye simu yako. Yenyewe hulinganisha kikoa herufi kwa herufi kabla ya kujaza. Ukifika kwenye ukurasa unaofanana na wa benki yako na isijitolee kujaza nywila ambayo kila siku huijaza, usiitafute uibandike kwa mkono. Angalia kikoa.

Kuna hali ambayo kila kipimo cha humu kitafaulu na bado utaibiwa: mwizi anapoandika kutoka ndani ya sanduku la kweli la muuzaji. Hapo kikoa ni cha kweli na herufi zote ni za kweli. Kwa hiyo akaunti ya benki ikibadilika, piga simu kwa namba ya zamani hata kama tokeo lilikuwa 2. Na upande wa pili kuna kampuni halali zinazotuma matangazo kupitia huduma za watu wengine, viungo vyake vikiwa na vikoa usivyovijua. Kipimo kitakuambia si sawa, ingawa si wizi. Usipoteze muda kuamua. Andika anwani ya kampuni mwenyewe kwenye kivinjari na utafute kitu hicho hicho huko.

Kama ulishagusa bila kujaza kitu, funga ukurasa na usipakue faili lolote. Kama ulijaza nywila, ibadilishe mara moja ukitumia programu rasmi, na popote pengine ulipoitumia nywila hiyo hiyo. Kama ulituma fedha, pigia benki yako simu dakika hiyo hiyo na uombe muamala usimamishwe au urudishwe, kabla hata ya kwenda polisi, kwa sababu fedha huhamishwa kutoka akaunti ya kwanza haraka sana. Meseji ya kitapeli iliyokuja kwenye simu, Tanzania hupelekwa namba 15040, na kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya namba 333. Ihifadhi baruapepe yenyewe bila kuifuta, kwa maana vichwa vyake vilivyofichwa vina anwani za seva iliyoituma, na picha ya skrini peke yake haina.